Barua ya posho ya kukaimu: usiache mwisho wazi

*"Mkuu wa stoo anaenda likizo ya uzazi na msaidizi wake atamkaimu. Barua ya posho niiandikeje isije ikaleta mgogoro?"*

Ndugu, ugomvi mwingi huanzia kwenye maneno "hadi mwenye cheo atakaporudi". Je, akiacha kazi? Akiongezewa likizo? Aliyekaimu ataendelea kulipwa, na siku ukimsimamisha atasema umemshusha cheo. Andika tarehe mbili kamili, kisha uongeze: "au siku mwenye cheo atakaporejea, lolote litakalotangulia". Muda ukihitaji kuongezwa, toa barua mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha.

Kwenye malipo, usiguse mshahara wake wa msingi. Njia iliyozoeleka ni kumlipa tofauti ya mishahara, ikae mstari wake peke yake kwenye hati ya malipo. Tuseme yeye hupata 800,000 na cheo kile kinaanzia 1,100,000: posho ni 300,000 kwa mwezi. Akianza tarehe 11 ya mwezi wa siku 30, amefanya siku 20, hivyo mwezi huo alipwe 200,000. Kanuni hiyo ya kugawa iandikwe baruani, maana mwezi wa mwisho nao mara nyingi hukatikia katikati. Taja pia kama posho inakatwa kodi.

Malizia kwa sharti kwamba kukaimu si kupandishwa cheo, na kwamba posho ikikoma anarudi kwenye nafasi na mshahara wake wa awali. Asaini kabla hajakabidhiwa funguo. Ila kwanza angalia sheria ya kazi na mkataba wa chama cha wafanyakazi, kama mnao. Huenda vimeshaweka kikomo cha muda.