Akiba na mkopo: tarehe 1 au mwisho wa mwezi?

"Naweka 100,000 kila mwezi kwenye ushirika wetu Wete, faida 1% inajumlishwa kila mwezi. Tarehe 1 au 30, kuna tofauti?"

Ipo, ndugu yangu. Kwa anayeweka mwisho wa mwezi, jumla atakayopata ni FV (P ni fungu, i faida, n miezi):

`FV = P × [(1+i)^n − 1] / i`

Miezi 12 inakupa 1,268,250. Ukiweka mwanzoni, kila fungu huzaa mwezi mmoja zaidi. Zidisha kwa 1.01 upate 1,280,933.

Kwa mkopo (L) hesabu hugeuka, na R ni rejesho la kila mwezi:

`R = L × i / [1 − (1+i)^−n]`

Milioni 1 kwa masharti hayohayo, rejesho ni 88,849. Wakikata la kwanza siku ileile unayopokea pesa, gawa kwa 1.01: 87,969. Wakidai 88,849 papo hapo, riba halisi imeshapita 1%. Uliza kabla hujatia saini.