Kisanduku cha uchakavu hakilingani na jedwali: kosa ni la picha au la fomu?

Swali: Shikamoo, mhasibu. Nipo Kasulu, nimetumiwa kwa simu picha ya ritani ya mapato ya kampuni yetu kabla haijawasilishwa. Kisanduku cha uchakavu nakisoma 8,600,000, lakini jedwali lake linaonyesha 6,800,000. Nitajuaje kama nimesoma vibaya au fomu imejazwa vibaya?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Ufunike kwanza ule mstari wa jumla kwa karatasi, kwa sababu jicho likishaiona jumla husoma tarakimu hafifu kwa namna ya kuilinganisha nayo, kisha ulikokotoe jedwali upya safu kwa safu.

Katika picha uliyoniletea, kundi la 1, lenye kompyuta na pikapu, lina salio la mwanzo la 14,400,000 na manunuzi ya 2,400,000, na hakuna kilichouzwa. Jumla ni 16,800,000, na kiwango cha kundi hilo ni asilimia 37.5, hivyo uchakavu wake ni 6,300,000. Samani za kundi la 3 zina 4,000,000 kwa asilimia 12.5, yaani 500,000. Jedwali basi ni 6,800,000, na limekokotolewa sawasawa.

Sasa rudi kwenye fomu, lakini usikikodolee macho kisanduku chenyewe. Tazama mstari unaokifuata. Faida kabla ya uchakavu ni 40,000,000, na mapato yanayotozwa kodi yameandikwa 31,400,000. Ukitoa moja kwa nyingine unapata 8,600,000. Hapo ndipo jawabu lilipo: kama ungekuwa umesoma vibaya kwa sababu ya kivuli cha mkunjo, mstari wa chini ungesoma 33,200,000. Aliyejaza fomu aliibeba 8,600,000 na kuendelea nayo.

Tofauti ni 1,800,000, ambayo inagawanyika kwa 9 bila baki, dalili ya tarakimu mbili zilizopishana nafasi, 6 na 8. Dalili hiyo si ushahidi kamili, kwani hata sifuri iliyosahaulika huleta tofauti inayogawanyika kwa 9. Jicho likikosea tarakimu moja tu, kwa mfano kuiona 3 kuwa 8, tofauti huwa na tarakimu moja ikifuatwa na sifuri, kama 500,000.

Kwa kiwango cha asilimia 30 cha kampuni, kodi iliyoandikwa ni 9,420,000 ilhali inayostahili ni 9,960,000, pungufu ya 540,000. Mrudishie aliyeijaza asahihishe kisanduku, mapato na kodi, vyote vitatu. Nimeona fomu iliyosahihishwa kisanduku peke yake, ikabaki na kodi ya zamani.

Hesabu hii haitakuonyesha kosa lililo ndani ya jedwali lenyewe. Kwa hilo, linganisha 14,400,000 na salio la mwisho la kundi la 1 katika ritani ya mwaka uliopita. Yakitofautiana, omba daftari la mali kabla hujakubali chochote.