Ls inasema 200, du inasema 38

"Wakuu, faili la diski ya mashine pepe ya mauzo, ls inaonyesha GB 200, du inasema 38. Mchana seva inakokota. Limeharibika?"

Halijaharibika, kaka. Lina mashimo tu: sehemu ambayo haijaandikwa haijapewa nafasi kwenye diski. Kila mauzo yanapoingia, seva inatafuta nafasi ilipo wakati huo, huku faili za kumbukumbu za matukio na faili nyingine zikigombea hapo hapo. Kwa hiyo faili linakua kwa viraka.

Duka moja la jumla hapa Mwanga, Kigoma, nilikuta faili kama hilo lina vipande zaidi ya 41,000. Diski ya sahani hutumia kama milisekunde 10 kila kichwa kinaporukia mahali pengine, yaani kusoma mara 100 hivi kwa sekunde. Ripoti ya siku ilichukua muda wa chai mbili.

Aliyekuambia utumie fallocate yuko sahihi nusu. Itajaza mashimo, ila vipande vya zamani vitabaki pale pale. Zima mashine kwanza, hakikisha una GB 200 tupu zinazofuatana kadiri inavyowezekana, kisha nakili faili, ukihesabu vipande kwa filefrag kabla na baada:

```
filefrag mauzo.raw
cp --sparse=never mauzo.raw mpya.raw
filefrag mpya.raw
```

Vipande vikishuka hadi makumi au mamia, weka mpya.raw mahali pa mauzo.raw, umepona. Diski ikiwa imejaa karibu yote, nakala nayo itakatwa vipande.

Na yule wa Ujiji aliyesema ana SSD, kwako kichwa cha kurukaruka hakipo, usisumbuke. Ila kama bakapu yako inakimbia mchana, sijui tumlaumu nani kwanza.