Kupanga safari iliyotawanyika kwenye barua pepe

"Tiketi, hoteli na dereva wa Kigali viko kwenye barua pepe tofauti. Nipangeje siku kwa siku?"

Ndugu aliyetangulia kujibu hapa, akishauri upange safari kwa kufuata tarehe barua zilipotumwa, amepatia nusu: tarehe hizo zinakuonyesha tu barua ipi ni ya mwisho, kwa kuwa shirika la ndege likibadilisha ratiba hutuma barua mpya yenye namba ileile ya uhifadhi. Baki na hiyo ya mwisho, kisha kwa kila siku andika saa, mahali, namba ya uhifadhi na simu ya mhusika.

Saa ndizo huleta balaa. Tiketi ikisema unaondoka Dar es Salaam 09:00 na kufika Kigali 09:45, hizo ni saa za kila mji, na Kigali iko nyuma kwa saa moja. Safari yenyewe ni saa moja na dakika arobaini na tano. Dereva akikuandikia kwa Kiswahili "saa nne", muulize kama ni 10:00 au 04:00, ndipo uandike. Ndege ya kurudi ya 00:30 Jumanne iwekwe Jumatatu usiku, maana ndipo unapotoka hotelini.