Pesa ni yako, ila hujaishika

Nimeuza sabuni za mwani za milioni moja kwa kadi, benki nimekuta 865,000. Nimeibiwa? (Paje)

Hujaibiwa. Fungua taarifa ya kampuni ya malipo, si ya benki, utaona makato mawili. Shilingi 35,000 ni ada, hiyo imekwenda. Zile 100,000 zilizoandikwa Reserve ni zako, ila zimewekwa kama rehani. Mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kwa benki yake, mara nyingi hadi siku 120 baadaye, na wewe ukiwa umeshatoweka kampuni ndiyo italipa. Wewe ni mgeni kwao, hawakujui.

Kinachouma ni kwamba asilimia 10 hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme mafuta ya nazi, mwani, vifungashio na usafirishaji vimekula 700,000. Ukitoa ada, faida ni 265,000, lakini inayoshikika ni 165,000. Mzigo unaofuata upangie hiyo ya pili.

Nauza mikoba ya ukili, wananishikia asilimia 10 kwa siku 180. Hii itajaa lini? (Wete)

Ukiuza milioni moja kila mwezi, baada ya miezi sita umeshikiwa 600,000, na hapo inasimama: mwezi wa saba wanashika 100,000 mpya na kukurudishia 100,000 ya mwezi wa kwanza. Lakini mauzo yakipanda mwezi huo hadi milioni mbili, wanashika 200,000 na kurudisha 100,000 ile ile. Ndiyo maana watu hukwama biashara inapochanganya, wakadhani wanahujumiwa.

Msimu wa wageni ukipita hesabu hugeuka. Ya Oktoba hurudi Aprili, masika, wakati dukani haingii mtu. Usiiweke kwenye matumizi ya Disemba.

Siku ya tisa leo na sijaona hata senti. Ndiyo rehani hiyo? (Chake Chake)

Hapana, huko ni kucheleweshwa kwa malipo ya kwanza. Akaunti mpya nyingi husubiri siku 7 hadi 14, kisha huja yote, ukitoa makato. Hakikisha tu jina la akaunti ya benki linalingana na la leseni. Lisipolingana, utasubiri sana.

Nina boti. Wageni wananilipa Julai kwa safari za Disemba, sasa kampuni ya malipo imeshika zaidi. Nifunge akaunti nihamie kwengine? (Nungwi)

Ukifunga hawakupi, nahodha. Kwa kawaida wataendelea kushika mpaka muda wa rehani uishe, ukihesabiwa tangu malipo ya mwisho. Na hofu yao ina sababu: kwa safari ambayo haijafanyika, siku za kupinga huanza kuhesabiwa tarehe ya safari, si siku ya kulipa. Chukua arubuni ndogo kwa kadi, salio wakulipe wakifika. Miezi sita ikipita bila malipo kupingwa, waandikie wapunguze kiwango, uwaambatanishie orodha ya safari ulizokwishafanya. Huwa hawapunguzi mpaka waombwe.