Mapigo 96 zahanati, 68 nyumbani: kabla hujaitupa mashine yako

Dada mmoja wa Mbagala, mwenye miaka 46, ameandika akiwa na wasiwasi. Zahanati alipimwa mapigo ya moyo akaambiwa ni 96 kwa dakika. Kesho yake nyumbani, kwa mashine ya presha ya kuvaa mkononi, akapata 68. Anataka kujua kati ya mashine yake na muuguzi, nani kakosea.

Pengine hakuna aliyekosea. Moyo hauna namba moja ya kutwa nzima, na hapa umepimwa mara mbili ukiwa kwenye kazi mbili tofauti. Majibu aliyotoa alipoulizwa zaidi yanaonyesha hivyo. Siku ya zahanati alisimama ndani ya daladala tangu Rangi Tatu, akatembea juani saa nne asubuhi, akapanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, na kabla hajakaa vizuri akaitwa. Muuguzi alimshika kifundo cha mkono kwa sekunde 15, akahesabu mapigo 24, akazidisha kwa 4. Nyumbani alijipima saa kumi na mbili asubuhi, ameamka tu, bado amelala chali kitandani.

Tuanze na ule upande wa zahanati. Misuli ya miguu iliyotoka kupanda ngazi bado inadai damu, na moyo hautulii papo hapo unapoketi. Unahitaji dakika kadhaa, na kwa asiyezoea mazoezi au aliyetembea mwendo mrefu unaweza kuhitaji 10 au zaidi. Juu ya hapo kuna joto la Dar. Mwili ukipata joto hufungua mishipa midogo ya ngozi ili upoe, damu nyingi ikaelekea huko, na jasho nalo hupunguza maji mwilini. Ili presha isishuke, moyo huongeza kasi. Halafu kuna hofu, na wengi huona aibu kuitaja. Harufu ya dawa, foleni, kusubiri majibu, hata kule kuona mkanda wa presha ukijaa upepo, vyote huamsha adrenalini, nayo huusukuma moyo uende mbio hata kama wewe mwenyewe unajiona umetulia. Kuongea wakati unapimwa nako huongeza, na kibofu kilichojaa vilevile.

Ila watu husahau kwamba namba ya nyumbani nayo ina upendeleo wake. Aliyelala chali damu humrudia moyoni kwa urahisi, kwa hiyo moyo hauhitaji kupiga haraka. Alfajiri, kabla ya chai na kabla ya purukushani za watoto kwenda shule, mapigo huwa karibu na kiwango chake cha chini kabisa cha siku. Ukichukua namba hiyo ukaishindanisha na ya saa nne baada ya ngazi, unalinganisha usingizi na safari. Ushauri wa kawaida ni “tulia ukifika zahanati”, na ni mzuri, lakini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipima nyumbani kwa masharti yaleyale ya zahanati.

Masharti yenyewe ni haya. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono ukiwa juu ya meza. Nusu saa kabla usinywe chai ya majani wala kahawa, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda haja kwanza. Kaa kimya dakika 5 kamili kwa saa, bila simu mkononi. Kisha pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati, na uandike namba zote mbili pamoja na saa. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, na angalau siku moja upime saa ileile unayokwenda zahanati.

Kama huna mashine, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, bila kukandamiza sana. Usitumie gumba, kwa kuwa lina mpigo wake na linaweza kukuchanganya. Hesabu sekunde 60 nzima. Hesabu ya sekunde 15 ni ya haraka, lakini pigo moja likikupita, jibu linakosea kwa 4. Dada yetu angehesabiwa 25 badala ya 24, angeambiwa ana 100, na usiku huo asingelala.

Alifuata masharti haya kwa wiki moja. Jumamosi saa nne asubuhi, ameketi nyumbani, alipata 79 na 77, wastani 78. Jumatatu alirudi zahanati muda uleule. Alipofika tu ilikuwa 92. Akaomba kwa adabu, “Naomba nikae kidogo ndipo unipime tena,” akakaa dakika 10, akahesabiwa dakika nzima mara mbili: 82 na 80, wastani 81. Ile tofauti ya 28 imebaki 3, ndogo kuliko kosa la pigo moja kwenye hesabu ya sekunde 15.

Siku hiyohiyo alikwenda na mashine yake, na nawe fanya hivyo. Muuguzi ahesabu kwenye mkono mmoja huku mashine ikipima mkono wa pili. Namba za presha zisikuchanganye: mapigo husomeka penye PULSE au alama ya moyo, na kwenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni hukaa penye PR au bpm. Hicho cha kidoleni kinaweza kusoma vibaya kidole kikiwa cha baridi, kinatikisika, au kucha ina piko au rangi nzito, hivyo tumia kidole kisicho na kitu.

Mashine na vidole vikitofautiana sana tena na tena, usikimbilie kusema mashine ni mbovu. Sikiliza kama mapigo yanafuatana sawasawa. Moyo unaopiga bila mpangilio hutoa mapigo mengine dhaifu yasiyofika vizuri mkononi, na mashine huyaruka. Hilo linahitaji kipimo cha umeme wa moyo, na hata wastani wa siku 7 hautalitatua.

Yapo pia mazingira ambayo namba kubwa ni ya kweli popote unapopimwa: homa, kuharisha, upungufu wa damu, ujauzito, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au dawa ya pumu kama salbutamoli. Dawa kama atenololi na propranololi hufanya kinyume chake, hushusha, kwa hiyo andika umemeza saa ngapi na umepima saa ngapi. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100. Wastani wako wa nyumbani ukizidi 100 hata baada ya kukaa vizuri, hofu ya zahanati si maelezo tena, nenda ukachunguzwe. Na ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi, acha kuhesabu, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Karatasi utakayompelekea daktari iwe na safu nne tu: tarehe, saa, namba mbili za mapigo, na ulikuwa umeketi, umelala au umetoka kutembea. Safu ya mwisho usiiache wazi, maana bila hiyo daktari atapata 68 na 96 tu, kama vile dada yetu alivyozipata.