Somo la lahajedwali, wanafunzi 40 kwa kompyuta 10

"Walimu, nina kidato cha pili 40 na kompyuta 10 zinazowaka. Wawili wawili bado nusu wanabaki nje. Lahajedwali nifundisheje?"

Mwalimu, kazi kubwa ifanyike kwenye karatasi kipindi kimoja kabla. Kila jozi ichore jedwali kwenye daftari la hesabu: herufi A hadi E juu, namba 1 hadi 5 pembeni. Mstari wa 1 ni vichwa: Bidhaa, Bei, Idadi, Jumla, Sehemu. Kisha andazi 200 kwa 45, chapati 500 kwa 30, chai 300 kwa 60. Ndani ya D na E waandike fomula kwa kalamu ya wino, na matokeo wanayoyatarajia kwa penseli:

```
D2: =B2*C2
D5: =SUM(D2:D4)
E2: =D2/D5
```

D inatoa 9000, 15000 na 18000, na D5 ni 42000. Sasa waulize: E2 ikinakiliwa kwenda chini, E3 itasomekaje? Wengi wataandika `=D3/D5`. Usiwasahihishe.

Siku ya maabara, vipindi viwili vya dakika 40 vikifuatana, jozi 10 ziingie kwa dakika 30, kisha zibadilishane na zile 10 nyingine. Mmoja anashika kibodi na kipanya, mwenzake anasoma karatasi na haruhusiwi kugusa. Wabadilishane wakimaliza safu ya D, maana ukisema "baada ya dakika kumi" yule mwepesi atang'ang'ania kipanya.

Wakinakili E2, E3 inatoa `#DIV/0!`. Wabofye seli hiyo: kumbe imeandikwa `=D3/D6`, na D6 ni tupu. Hapa ndipo somo lilipo, na lina uzito kwa sababu karatasi yao ilisema kingine. Dawa ni kuifunga seli ya jumla:

```
=D2/$D$5
```

Wakinakili tena wapate takribani 0.21, 0.36 na 0.43.

Jozi zinazosubiri, na zile zilizotoka, zipe swali la karatasi: chai ikipanda kuwa 400, seli zipi zitabadilika? Jibu ni D4, D5 na safu yote ya E. D5 inakuwa 48000, E4 inakuwa 0.5. Kundi la pili likiingia lijaribu hilo kwenye mashine. La kwanza nalo lirudi kulijaribu kabla ya kengele, kila jozi dakika moja.

Mambo mawili ya kuangalia. Anayeandika "200 sh" ndani ya B2 atapata `#VALUE!`, kwa kuwa hayo ni maneno, si namba. La hatari zaidi ni anayepiga hesabu kichwani na kuchapa 9000 moja kwa moja, kwa sababu skrini yake inafanana na ya wengine. Ukipita, badilisha B2 iwe 250. D2 isipogeuka kuwa 11250, hakuna fomula pale.